Chama cha Mzunguko: Jua Zamu Yako, Jua Hatari Yako

Katika masoko ya Eldoret, kwenye steji za bodaboda na katika mitaa kama Langas, Huruma na Kipkaren, ni vigumu kukosa watu wanaozungushiana pesa. Kila mmoja hutoa mchango uleule kwa siku iliyopangwa, na kitita chote hupewa mwanachama mmoja. Mara inayofuata hupewa mwingine, hadi kila mtu awe amepokea mara moja. Watu wa pwani huuita mchezo, na nchini Tanzania hujulikana kama upatu. Somo hili linaeleza jinsi mpango huu unavyofanya kazi, mahali hasara inapotokea, na yale ambayo wanachama wanapaswa kukubaliana kabla ya mchango wa kwanza kutolewa.

Zamu ya kwanza ni mkopo, zamu ya mwisho ni akiba

Chukua mfano wa watu kumi wanaochanga shilingi 3,000 kila mwezi, kuanzia Januari hadi Oktoba. Kila mwezi kitita ni shilingi 30,000. Mwisho wa mzunguko kila mmoja atakuwa ametoa 30,000 na kupokea 30,000. Hakuna riba wala faida. Anachopata mwanachama ni pesa nyingi kwa pamoja, ambazo pengine asingeweza kuziweka peke yake bila kuzigusa.

Lakini wanachama hawa kumi hawako katika hali moja. Anayepokea Januari ametoa shilingi 3,000 tu na kuondoka na 30,000. Kwa kweli amekopeshwa shilingi 27,000 na wenzake, naye atazilipa kwa miezi tisa. Anayepokea Oktoba yuko upande wa pili. Kufikia mwisho wa Septemba ametoa shilingi 27,000 na hajapata hata senti moja. Yeye ndiye anayewakopesha wengine, na usalama wake ni uaminifu wao peke yake.

Kwa hiyo, mtu anayeulizwa ajiunge na chama asiishie kuuliza mchango ni kiasi gani. Anapaswa pia kuuliza zamu yake ni ya ngapi, na ni akina nani watakaopokea kabla yake.

Mtu mmoja akiacha kulipa

Tuseme mwanachama wa pili ni mkulima wa mahindi. Aliomba zamu ya Februari ili anunue mbegu na mbolea kabla ya kupanda Machi na Aprili, na chama kikakubali. Alilipa vizuri hadi Mei. Mwezi wa Juni pesa zikamwishia. Ghala limebaki tupu na mahindi bado yako shambani, kwa maana mavuno katika Uasin Gishu huanza kuingia mwezi wa Oktoba. Akaacha kuchanga. Hakukusudia kumwibia mtu. Kosa lilikuwa kwamba mchango ulidaiwa kila mwezi ilhali mapato yake huja mara moja kwa mwaka.

Mkulima huyo alipokea shilingi 30,000 na amelipa 15,000. Anadaiwa 15,000. Deni hilo linaangukia nani? Wanachama wa kwanza, wa tatu, wa nne na wa tano wameshapokea vitita vyao kamili. Hawapotezi chochote. Hasara yote inawaangukia wanachama wa sita hadi wa kumi. Kila mmoja wao atapokea shilingi 27,000 badala ya 30,000, ingawa wao wenyewe wametoa mchango wote.

Tatizo huwa haliishii hapo. Mwanachama wa nne, aliyepokea Aprili, anapoona mwenzake ameacha kulipa na hakuna kilichomfika, naye anaacha kuanzia Agosti. Sasa wanaopokea Agosti, Septemba na Oktoba wanapata shilingi 24,000 kila mmoja. Wanachama wa sita na wa saba wamepoteza 3,000 kila mmoja, na wa nane, wa tisa na wa kumi wamepoteza 6,000 kila mmoja. Jumla ni shilingi 24,000, na imetoka mifukoni mwa watu watano waliongoja kwa subira kuliko wenzao.

Kisha mwanachama wa kumi anaanza kujiuliza kwa nini aendelee kutoa. Akiacha yeye pia, mzunguko umevunjika. Hivyo ndivyo vyama vingi hufa. Huanza na mtu mmoja aliyekwama, kisha wengine huona kwamba kuacha hakuna gharama.

Dalili za mapema

Dalili ya kwanza ya kuangalia ni mabadiliko ya mwenendo baada ya mtu kupokea. Aliyekuwa akilipa siku ileile sasa analipa baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kisha analeta nusu. Mwingine haji tena kwenye mkutano, anatuma mtoto au jirani.

Dalili ya pili ni mtu anayeomba kila mara zamu yake isogezwe mbele. Huenda ana dharura ya kweli, kama ugonjwa au karo. Lakini pia huenda yuko katika vyama vitatu au vinne, na anapokea hapa ili alipe kule. Mtu wa aina hiyo akikwama katika chama kimoja, hukwama katika vyote kwa wakati mmoja. Si vibaya kumuuliza mwanachama mpya waziwazi kama ana michango mingine.

Dalili ya tatu ni ahadi ya kupokea zaidi ya ulichotoa. Katika mzunguko wa kweli haiwezekani watu kumi wote wapate zaidi ya walichochanga, kwa sababu hakuna pesa nyingine inayoingia. Anayeambiwa atoe 3,000, alete watu wawili, kisha avune maradufu, hayuko katika chama cha mzunguko. Huo ni mpango wa piramidi, ambao hulipa wa kwanza kwa pesa za wanaoingia baadaye. Wakenya wengi walipoteza akiba zao mwaka 2007 mipango ya namna hiyo, ukiwemo ule wa DECI, ilipoporomoka.

Makubaliano kabla ya mchango wa kwanza

Jambo la kwanza ni mpangilio wa zamu. Kupiga kura ya bahati huonekana kuwa haki, lakini kunaweza kumpa zamu ya kwanza mtu ambaye hakuna anayemjua vizuri. Vyama vingi vyenye uzoefu huwaweka wanachama wapya mwishoni katika mzunguko wao wa kwanza. Wakishalipa mzunguko mzima bila kukosa, hupewa zamu za mapema katika unaofuata. Mkulima anayehitaji pesa kabla ya msimu wa kupanda anaweza kupangiwa Februari katika mzunguko wa pili, na aeleze mbele ya wenzake atalipa kwa mapato gani kati ya Mei na Septemba: maziwa, kuku, au kibarua.

Jambo la pili ni dhamana. Kila mwanachama anaweza kutoa mchango mmoja wa ziada mwanzoni, ambao hurudishwa mzunguko ukiisha salama. Katika mfano wetu, dhamana ya mkulima ya shilingi 3,000 ingelipa pengo la Juni. Zingebaki shilingi 12,000. Kama katiba ya chama inasema hasara hugawanywa kwa wote waliobaki, pamoja na walioshapokea, kila mmoja wa wale tisa angepoteza takriban shilingi 1,330. Fedha hizo zingekatwa kwenye dhamana zao, na vitita vya Juni hadi Oktoba vingetoka kamili. Faida kubwa zaidi ni kwamba waliopokea mapema nao wana sababu ya kumfuata aliyeacha kulipa.

Dhamana hata hivyo inaleta hatari nyingine. Katika mzunguko mtupu hakuna pesa zinazolala mahali popote, kwa kuwa kinachokusanywa hutolewa siku hiyohiyo. Dhamana ni shilingi 30,000 zinazohitaji kutunzwa. Zisikae nyumbani kwa mweka hazina wala kwenye simu yake. Zifunguliwe akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na pesa zisitoke bila sahihi za angalau wawili.

Ili kufungua akaunti hiyo, chama huhitaji cheti cha usajili. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi. Usajili hufanywa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo: Ainabkoi, Kapseret, Kesses, Moiben, Soy au Turbo. Usajili huo unakipa kikundi utambulisho, lakini si bima ya pesa. Mchango wa mzunguko haulindwi kama amana za benki, wala hausimamiwi na SASRA kama ilivyo kwa Sacco zinazopokea amana.

Deni lisipolipwa

Hatua ya kwanza ni kikao. Aliyekwama apewe nafasi ya kueleza, na makubaliano mapya yaandikwe na kutiwa sahihi, kwa mfano kwamba mkulima atalipa shilingi 15,000 baada ya kuuza mahindi, kabla ya mwisho wa Desemba. Kwa mtu ambaye ana mazao shambani, mpango huu mara nyingi huleta pesa kuliko vitisho.

Wanachama wasiende nyumbani kwa mdaiwa kuchukua kochi, televisheni au ng'ombe. Kwa kawaida kukosa kulipa zamu ni deni tu, wala si jinai, na kunyakua mali ya mtu bila agizo la mahakama kunaweza kuwageuza wadai kuwa washtakiwa.

Mazungumzo yakishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Mdai anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mahakama hiyo ipo Eldoret. Kinachoamua kesi ni ushahidi: orodha ya wanachama na zamu zao, katiba iliyotiwa sahihi, kumbukumbu za mikutano, na jumbe za M-Pesa zinazoonyesha nani alitoa na nani alipokea. Chama kinachochanga noti mkononi bila daftari huwa hakina cha kuonyesha.

Maswali ya kujadili katika mkutano ujao wa chama

1. Kama mwanachama wa pili ataacha kulipa mwezi ujao, ni nani atakayepoteza pesa, na kiasi gani?
2. Je, kuna mwanachama ambaye miezi ya mchango hailingani na miezi ya mapato yake?
3. Mwanachama akifariki baada ya kupokea, au kabla ya kupokea, katiba yenu inasema nini?
4. Ni nani anayeweza kuonyesha, kwa maandishi, kila mchango uliotolewa tangu mzunguko ulipoanza?