Kishikwambi cha Nyumbani Kinapomkumbuka Aliyeondoka

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Bugwema, katika Wilaya ya Musoma, mkoani Mara. Nyumba hiyo tumeibuni kwa ajili ya somo hili, lakini yote yanayotokea ndani yake ndivyo vifaa vyetu vinavyofanya kazi. Kijana wa nyumba alikwenda chuoni Mwanza akiwa na simu mpya, akamwachia mama yake mdogo kishikwambi alichokuwa akikitumia. Hakukifuta kitu. Alikifunga, akakiweka juu ya kabati, akaaga.

Miezi miwili baadaye mtoto wa darasa la sita alifungua kivinjari ili atafute maelezo ya kazi ya shule. Ukurasa wa Facebook ukajitokeza wenyewe, na juu yake picha ya kaka yake aliyeko Mwanza. Mtoto hakuulizwa neno la siri. Mazungumzo ya kaka na rafiki zake yalikuwa mbele yake, na kama angeandika neno lolote, lingetoka kwa jina la kaka.

Familia nyingi zikikuta hali hiyo hudhani kwamba mwenye hasara ni yule aliyeacha akaunti yake wazi. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya jambo. Wiki ileile mama aliombwa na kikundi chao cha kuweka na kukopa atume picha ya kitambulisho chake cha Taifa. Akakipiga picha kwa kishikwambi, mbele na nyuma, akaituma. Siku ya tatu, mtandao ulipokuwa mzuri, simu ikaita kutoka Mwanza.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo huko?”

“Sijambo. Mbona kitambulisho chako kimo ndani ya simu yangu?”

Hakuna mtu aliyeiba kitu hapo. Programu ya picha ya kishikwambi ilikuwa bado inahifadhi nakala ya kila picha katika akaunti ya Google ya kijana, kama alivyoiagiza zamani. Kila picha aliyopiga mama ilisafiri hadi kwenye akaunti hiyo, na kutoka hapo ikaonekana katika simu ya Mwanza. Kijana huyu alipiga simu. Lakini simu hiyo ikiibiwa mjini, mwizi akaweza kuifungua, atakuwa na kitambulisho cha mtu ambaye hajapata kumwona.

Sababu ya yote hayo ni jambo moja ambalo watumiaji wengi hawajapata kuelezwa. Unapoingia katika akaunti kwa mara ya kwanza, kampuni inayotoa huduma hukagua neno lako la siri, kisha hukipa kifaa chako kitu mfano wa tiketi. Katika kivinjari, tiketi hiyo hukaa ndani ya kidakuzi, yaani faili dogo linalohifadhiwa katika kifaa. Tangu hapo kifaa kinaonyesha tiketi tu. Neno la siri haliulizwi tena kwa wiki nyingi, pengine kwa miezi. Kufunga ukurasa hakufuti tiketi, wala kuzima kishikwambi hakuifuti. Inakufa pale unapobonyeza sehemu ya kuondoka, inapofutwa, muda wake unapokwisha au kampuni inapoifuta kwa upande wake.

Jambo la pili ni kwamba tiketi hazikai mahali pamoja. Programu ya Facebook ina yake, na Facebook iliyofunguliwa ndani ya kivinjari ina nyingine. Akaunti ya Google katika vifaa vya Android ni zaidi ya hapo: imeshikamana na kifaa chenyewe, na programu za barua pepe, picha, ramani na video huitumia kwa pamoja. Ndiyo maana mtu anaweza kuondoka katika programu moja, akaridhika, kumbe milango mitatu mingine iko wazi.

Sasa turudi kwa mama. Anayejikuta ndani ya akaunti ya mwingine asisome wala asiandike chochote humo. Hili si suala la adabu pekee. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 5, inakataza mtu kubaki kwa makusudi na isivyo halali katika mfumo wa kompyuta baada ya kwisha muda aliopewa kuutumia. Kukuta mlango wazi kwa bahati si kosa. Kuendelea kukaa ndani ukipekua ndiko kunakobadilisha jambo.

Kabla ya kuondoa chochote, afungue programu ya picha, aguse picha ndogo ya mwenye akaunti iliyo juu upande wa kulia, na azime “Backup”. Hapo picha mpya zitaacha kusafiri. Zilizokwisha safiri haziathiriki.

Kisha afanye jaribio ambalo watu wengi huliruka na kulijutia. Azime mtandao, afungue picha za watoto zilizopigwa miezi iliyopita, na azitazame moja moja. Picha inayofunguka safi imo ndani ya kishikwambi. Inayobaki na ukungu, au inayokataa kufunguka, ina uwezekano mkubwa wa kuwa imebaki katika akaunti ya kijana tu, kwa sababu programu hiyo ina sehemu ya kupunguza mzigo, “Free up space”, ambayo huondoa katika kifaa picha zilizokwisha hifadhiwa. Akaunti ikiondolewa, picha hizo zitatoweka machoni pa mama. Kijana azitume kwanza, au zipakuliwe upya katika kishikwambi.

Likiisha hilo, aende “Settings”, kisha “Passwords & accounts” (katika vifaa vya Samsung ni “Accounts and backup”, halafu “Manage accounts”), aguse jina la kijana na abonyeze “Remove account”. Kishikwambi kitaonya kwamba ujumbe, namba za watu na taarifa nyingine za akaunti hiyo zitafutwa. Onyo hilo huwatia watu hofu, wakaacha njiani. Maana yake ni kwamba zitaondoka katika kifaa hiki. Zile zilizokwisha kuhifadhiwa katika akaunti yenyewe zinabaki, na kijana ataendelea kuziona Mwanza.

Baada ya hapo aondoke katika programu ya Facebook, na katika nyingine zilizoingiwa kwa jina la kijana. Ndipo kivinjari kifuatie. Katika Chrome, aguse vitone vitatu vilivyo juu upande wa kulia, achague “Delete browsing data” (katika matoleo ya zamani ni “Clear browsing data”), aweke muda kuwa “All time”, aache alama kwenye “Cookies and site data”, kisha afute.

Tumeweka kivinjari mwisho kwa sababu mbili. Kwanza, kufuta vidakuzi katika Chrome hakumtoi mtu katika akaunti ya Google iliyo ndani ya kifaa. Chrome yenyewe husema hivyo kwa maandishi madogo, ambayo ni wachache wanaoyasoma. Pili, na hili ni zito zaidi, ukifuta maneno ya siri yaliyohifadhiwa huku akaunti ya kijana ikiwa bado imeunganishwa, unaweza kuyafuta pia katika simu yake. Kijana ataamka asubuhi hana hata moja, wala hajui nani kayafuta. Akaunti ikitangulia kuondolewa, unachofuta kinabaki kuwa cha kishikwambi peke yake.

Uthibitisho ni rahisi. Zima kishikwambi, kiwashe, fungua kivinjari na uandike facebook.com, kisha ufungue programu ya Facebook. Kote kuwili unapaswa kuombwa neno la siri. Ukiona picha ya kijana, iguse: ikifunguka bila swali, tiketi bado ipo. Ikijaza neno la siri yenyewe, basi neno hilo bado limehifadhiwa mahali fulani ndani ya kifaa, nalo liondolewe.

Kijana naye ana kazi huko Mwanza, na kazi hiyo inawezekana hata kama kishikwambi hakifikiki. Katika akaunti yake ya Google afungue “Security”, atafute “Your devices”, achague kishikwambi kile na abonyeze “Sign out”. Facebook ina orodha ya namna hiyo iitwayo “Where you’re logged in”, ndani ya “Password and security”. Kama WhatsApp yake iliunganishwa na kishikwambi, aitoe katika “Linked devices”. Njia hii ina mpaka wake. Kishikwambi kisipopata mtandao, hakipati habari kwamba tiketi imefutwa, na yaliyokwisha pakuliwa yataendelea kusomeka. Penye shaka kwamba mtu mwingine analijua neno lake la siri, alibadilishe.

Kuhusu picha ya kitambulisho, kijana asiifute haraka. Akiifuta wakati akaunti yake ingali ndani ya kishikwambi, inaweza kufutika na huko pia, pamoja na picha nyingine atakazofuta. Asubiri mama amalize kuondoa akaunti, ndipo aifute, kisha aingie katika kikapu cha taka cha programu hiyo aiondoe kabisa, kwa kuwa picha iliyohifadhiwa katika akaunti hukaa humo siku 60 kabla ya kutoweka.

Tunaonya hapa dhidi ya njia ya mkato inayopendwa na baadhi ya mafundi, ya kukirudisha kifaa kilivyotoka kiwandani kwa kushikilia vitufe. Tangu toleo la Android 5.1, kifaa kilichofutwa kwa njia hiyo huku akaunti ya Google ikiwa ndani kinaweza kudai akaunti ileile kabla ya kufunguka. Kijana akiwa amesahau neno lake la siri, mama atabaki na kioo tu. Na kama kishikwambi ni cha kazi, mathalani kimojawapo cha vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 na baadaye kugawiwa kwa walimu, kisifutwe nyumbani hata kidogo. Mwenye dhamana nacho akipeleke kwa mwajiri.

Nyumba ya Bugwema ina watu watano na kishikwambi kimoja, na hali hiyo haitabadilika kesho. Vishikwambi vingi vya Android vinaruhusu kila mtu awe na sehemu yake, katika “Settings”, “System”, kisha “Multiple users”, ingawa watengenezaji wengine wameificha au kuiondoa. Mama awe mwenye kifaa, na watoto wakubwa kila mmoja afunguliwe sehemu yake. Mgeni anayeomba kuangalia ujumbe wake mara moja apewe sehemu ya “Guest”, na anapomaliza mama achague kufuta kipindi hicho kabla mgeni hajavuka kizingiti.