Statimenti siyo invoisi: linganisha na daftari lako kabla hujalipa

Leo nawaletea kitu ambacho kiliwahi kunilia hela, laki tatu na nusu, kwa sababu tu sikujua tofauti ya karatasi mbili.

Nauza viatu vya watoto na mikoba mtandaoni. Mzigo nachukua kwa saplaya wa Kariakoo, sehemu nalipa keshi, sehemu nakopa. Mwaka wangu wa kwanza nililipa invoisi ya 350,000 mwisho wa mwezi. Siku tatu baadaye ikaingia Wasapu karatasi nyingine kutoka duka lile lile, imeandikwa kiasi kile kile chini kabisa. Nikajua ni mzigo mwingine niliosahau, nikalipa tena. Hela ile sikurudishiwa keshi, nilikuja kufidiwa kwa mzigo baada ya miezi miwili, na hapo ni baada ya kupiga simu mpaka nikachoka.

Karatasi ile ya pili haikuwa invoisi. Ilikuwa statimenti.

Invoisi, au ankara, inahusu mauzo ya mara moja. Umechukua pea 30 za viatu tarehe fulani, bei hii, jumla hii, namba ya invoisi hii. Hiyo ndiyo inayozalisha deni, na hiyo ndiyo unayoiandika kwenye daftari kama manunuzi.

Statimenti haizalishi deni lolote jipya. Ni picha ya akaunti yako kwenye vitabu vya saplaya kwa kipindi fulani, mara nyingi mwezi. Inaanza na salio la mwezi uliopita, inaorodhesha invoisi zote alizokuandikia, inatoa malipo yako na mzigo uliorudisha, halafu chini inakuja na salio. Kwa hiyo invoisi uliyoandika tarehe 5 utaiona tena ndani ya statimenti ya tarehe 30. Ukiiandika statimenti kwenye daftari kama manunuzi mapya, umejiongezea deni ambalo halipo. Ukiilipa bila kuangalia, unaweza kulipa kitu kimoja mara mbili kama mimi.

Kumbuka pia kwamba statimenti ni maneno ya upande mmoja. Saplaya ameandika anavyojua yeye, mpaka siku na saa aliyoitoa. Daftari lako nalo ni maneno yako. Kazi yetu ni kuzikutanisha hizo mbili na kujua deni la kweli ni lipi. Nawaonyesha nilivyofanya kwa mwezi wa Aprili.

Mimi natumia kaunta buku. Kila saplaya ana kurasa zake, na kila mstari una tarehe, namba ya invoisi au namba ya muamala, kiasi, na salio. Aprili yangu ilikuwa hivi:

Salio la kuanzia tarehe 1: 400,000
Tarehe 5, invoisi 118: naongeza 620,000
Tarehe 9, nimelipa: napunguza 500,000
Tarehe 16, invoisi 131: naongeza 540,000
Tarehe 20, nimerudisha pea 6 zilizobanduka soli: napunguza 120,000
Tarehe 30 usiku, nimelipa: napunguza 300,000
Salio langu: 640,000

Statimenti ya saplaya ikaja hivi:

Salio la kuanzia: 400,000
Tarehe 5, invoisi 118: 620,000
Tarehe 9, malipo: 500,000
Tarehe 13, invoisi 127: 265,000
Tarehe 16, invoisi 131: 450,000
Salio unalodaiwa: 1,235,000

Mimi nasema nadaiwa 640,000, yeye anasema 1,235,000. Tofauti ni 595,000. Kwa biashara yangu hiyo ni hela ya kufungia mzigo wa wiki mbili, siyo ya kuibishania kwa mdomo tu.

Kosa la kwanza watu wanalofanya hapa ni kuipigia simu ile tofauti: "Dada, mbona mmenizidishia laki tano na tisini na tano?" Naye hataiona popote, kwa sababu hakuna mstari wenye 595,000. Tofauti kubwa karibu kila mara ni mchanganyiko wa tofauti ndogo ndogo. Shuka mstari kwa mstari.

Anza na salio la kuanzia. Kama la kwako na la kwake hayafanani, acha mwezi huu kwanza, tatizo liko miezi ya nyuma, na hutalipata Aprili hata ukeshe. Kwangu yote mawili ni 400,000, tuko sawa.

Halafu chukua peni, tiki kila kitu kinachofanana pande zote mbili: namba, tarehe na kiasi. Invoisi 118, tiki. Malipo ya tarehe 9, tiki. Vilivyobaki bila tiki ndiyo majibu yako. Kwangu vilibaki vinne.

La kwanza, malipo ya 300,000. Mimi nimeyaandika, yeye hana. Nilituma kwa simu tarehe 30 usiku, na statimenti ilitolewa mchana wa siku hiyo. Kesho yake ilikuwa Mei Mosi, duka limefungwa. Hapa hakuna aliyekosea, ni muda tu. Sibadilishi kitu kwenye daftari langu. Ninachofanya ni kunakili namba ya muamala kutoka kwenye meseji, na statimenti ya Mei ikija naangalia kama hiyo 300,000 imeingia. Isipoingia, hapo sasa siyo suala la muda tena, malipo yamepotea au yameingizwa kwa mteja mwingine.

La pili, viatu vya 120,000 nilivyorudisha. Yeye hajavipunguza. Mzigo ulipokelewa stoo, lakini stoo hawakupeleka taarifa kwa dada wa hesabu, kwa hiyo hakutoa krediti noti, ile karatasi ya kukupunguzia deni. Bila krediti noti, kwenye vitabu vyao mzigo huo bado uko kwangu. Tofauti ya aina hii haijirekebishi yenyewe, lazima uidai. Kilichoniokoa ni kwamba siku ya kurudisha nilimwomba kijana wa stoo aandike idadi na tarehe, asaini, nikapiga picha.

La tatu, invoisi 127 ya 265,000. Mimi sina kabisa. Hapa usikimbilie kusema umeibiwa, na usikimbilie kulipa. Kuna uwezekano wa aina mbili: ama mzigo ulikuja kweli na mimi nikasahau kuuandika, labda ulipokelewa na mdogo wangu nikiwa sipo, ama siyo wangu. Nikauliza nyumbani, hakuna aliyepokea. Nikaomba nakala ya invoisi pamoja na karatasi ya kupokelea mzigo yenye saini. Ilipokuja, saini na namba ya simu vilikuwa vya mteja mwingine tunayefanana jina la kwanza. Wangeniletea karatasi yenye saini ya mdogo wangu, ningeinamisha kichwa na kuiandika kwenye daftari langu siku hiyo hiyo.

La nne ndilo la aibu. Invoisi 131 mimi nimeandika 540,000, yeye 450,000. Nikatoa invoisi yenyewe kwenye faili: 450,000. Nilikuwa nimegeuza tarakimu. Kuna ujanja mmoja hapa: ukigeuza tarakimu mbili zinazofuatana, tofauti yake lazima igawanyike kwa 9. 540,000 kutoa 450,000 ni 90,000, ukigawa kwa 9 unapata 10,000 kamili. Kwa hiyo ukibakiwa na tofauti moja usiyoielewa, igawe kwa 9. Ikigawanyika sawasawa, haina maana ni lazima umegeuza namba, lakini anza kutafuta huko.

Sasa tunafunga hesabu. Siri ni kurekebisha kila upande kwa makosa yake, siyo kulazimisha upande mmoja ufanane na mwingine.

Upande wa saplaya: 1,235,000, toa malipo ambayo hayajaingia 300,000, inabaki 935,000. Toa mzigo uliorudishwa 120,000, inabaki 815,000. Toa invoisi 127 isiyo yangu 265,000, inabaki 550,000.

Upande wangu: 640,000, toa 90,000 niliyojizidishia, inabaki 550,000.

Zimekutana. Deni la kweli ni 550,000. Siyo la kwake, na siyo la kwangu pia. Kama ningeamini statimenti ningelipa zaidi kwa 685,000. Kama ningeamini daftari langu, ningelipa zaidi kwa 90,000.

Ujumbe niliomtumia dada wa hesabu ulikuwa mfupi, na picha chini yake:

"Shikamoo dada. Nimepitia statimenti ya Aprili. Kuna vitu vitatu naomba tuangalie: malipo 300,000 ya tarehe 30, namba ya muamala hii hapa, pea 6 nilizorudisha tarehe 20, 120,000, karatasi ya stoo hii hapa, naomba krediti noti, invoisi 127 ya 265,000, saini si yangu. Baada ya hapo kwangu salio ni 550,000. Naomba unithibitishie kwa maandishi."

Akajibu siku ya pili, amerekebisha vyote. Hiyo 550,000 iliyothibitishwa ndiyo naifungia, na ukifanya hivyo kila mwezi hutafukua mambo ya mwaka jana.

Mambo mawili ambayo zoezi hili halitakuambia. Kwanza, kosa ambalo liko pande zote mbili halionekani. Kama invoisi 118 imepigwa bei ya juu kuliko mliyokubaliana, na wewe ukainakili hivyo hivyo, itapata tiki safi kabisa. Bei na idadi hukaguliwa siku mzigo unapofika, siyo mwisho wa mwezi. Pili, statimenti haichukui nafasi ya risiti ya EFD. Risiti ya kila manunuzi bado unatakiwa kuidai na kuitunza.

Na kama wewe nawe unakopesha mawinga na wateja wa rejareja, igeuze: wao ndio watakaopokea statimenti yako. Andika juu kabisa "STATIMENTI, SIYO INVOISI", weka tarehe uliyoitolea, na usiache kuonyesha malipo yao yote. Utapunguza ugomvi nusu.

Nani ana statimenti ya mwezi huu imekaa kwenye simu hajaifungua? Itoe leo, anza na salio la kuanzia, halafu niambie kwenye komenti umebaki na mistari mingapi isiyo na tiki.