Piga picha meza yako kabla ya kuuza

Ukishapanga mboga zako kwenye soko la wakulima, rudi nyuma hatua kumi, mahali wapita njia wanapotembea, upige picha kwa simu. Mwenzetu mmoja hapa Marekani alipofanya hivyo, aliona mkoba wake mbele, mchicha umelala mezani hauonekani, na bei hakuna. Huku wengi hawaulizi bei, wasipoiona, wanapita.

Aliondoa mkoba. Aliweka kipande cha ubao chini ya kreti, upande wa nyuma, mchicha ukamwelekea mteja. Akaandika kwa kalamu nene jina la mboga kwa Kiingereza na bei: dola 3 kwa fungu.

Piga picha ya pili. Bei isiposomeka pichani, andika kubwa zaidi.