Mchoro wa Hina katika Picha: Kutambua Uliobandikwa na Uliofutwa

Bibi harusi hutumiwa picha ya mkono uliopambwa kwa hina, kisha akaombwa malipo ya awali. Tumeona vyema kumweleza mlaji jinsi mchoro unavyoweza kuwekwa kwa kompyuta juu ya picha ya mkono mtupu, kwani ajuaye kazi hiyo inavyofanyika hujua pia mahali inapokwama.

Kigasha cha mkono ni mviringo mfano wa mwanzi. Ua lenye upana wa sentimita 2, likitazamana na kamera, huonekana kwa upana wake kamili. Likiwa upande, nyuzi 60 kutoka katikati, huonekana kama lina upana wa sentimita 1 tu, ingawa urefu wake haupungui. Mhariri mwangalifu huupinda mchoro ili maua ya kandoni yabanane. Mvivu huupachika bapa, na maua ya ukingoni yakabaki mapana sawa na ya katikati. Hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Baada ya umbo huja mwanga. Katika programu nyingi za picha, mchoro huwekwa kwenye tabaka la juu na kupewa hali iitwayo Multiply, ambayo huzidisha ung'avu wa wino kwa ung'avu wa ngozi, kisha hugawa kwa 255. Tuseme wino una 102. Penye mwanga, ngozi yenye 200 hutoa 80. Kivulini, ngozi yenye 100 hutoa 40. Hivyo mstari uleule huzidi giza kivulini, kama inavyopasa. Mstari wenye rangi moja tangu upande wa dirisha hadi kivulini ni wa kutiliwa shaka.

Hata hivyo, njia hiyo ina kasoro: hufifisha pia mng'ao wa mafuta yaliyopakwa. Rangi ya hina hukaa ndani ya ngozi, kwa hiyo mng'ao wa kweli hupita juu ya mchoro bila kukatika. Ukizimika kila unapogusa mstari, mchoro uliongezwa baadaye.

Kufuta ni kugumu zaidi, na hutumiwa na wauzaji wa mafuta yanayodaiwa kuondoa hina kwa siku moja. Mhariri hunakili ngozi ya jirani na kufunika mchoro. Asipoichukua kwa urefu wa mkono, penye mwanga uleule, hubaki baka jeupe ndani ya kivuli. Tafuteni pia kipele au kidoa kinachojirudia mara mbili, na mahali ambapo malaika, yaani vinyweleo vya mkono, hukoma ghafla. Hina ya kweli hufifia polepole kadiri ngozi ya juu inavyobanduka, kwa kawaida katika wiki 1 hadi 3.

Picha ndogo iliyopoteza ubora huficha dalili hizi. Kabla ya kulipa, ombeni video fupi ya mkono huohuo ukigeuzwa taratibu karibu na dirisha.