Jina lako linamsema nani?

Wadogo zangu, barua ya safari hii ni ya binti aliyeniomba nimfichie jina, na kumfichia jina mtu anayelalamikia jina lake si kazi rahisi. Niseme tu ni la ukoo mmoja na Tabu, Shida na Mashaka. Amemaliza chuo, anaomba kazi, na kila akijitambulisha mbele ya watu anaona kicheko kinavyozuiwa. Mtandaoni amelikata nusu na kulibandika herufi ya y mwishoni, sasa linasikika kama la Mzungu fulani. Anataka kulifuta kabisa. "Dada, mzazi anampendaje mwanawe halafu anamwita hivi?" Swali hilo amekwisha kulijibu mwenyewe: yeye ni binti wa nne mfululizo, kwa hiyo baba alikuwa amechoshwa na mabinti.

Mdogo wangu, uchungu wako nauelewa, ila hilo jibu umelitoa wapi? Nilipomwuliza, akasema hakuambiwa na mtu. Amekua nalo tu.

Majina ya kwetu ya namna hii mara nyingi hayamsemi mtoto. Yanaisema nyumba aliyozaliwa na siku aliyozaliwa. Msukuma akimwita bintiye Kabula, jua mvua ilikuwa inanyesha. Chausiku wa Pwani kazaliwa usiku, na sijapata kumwona Chausiku aliyelia kwa sababu hiyo. Yapo na ya vijembe, kama Siwatu au Sikudhani. Hapo anayesemwa huwa wifi, mkwe au jirani, kama kanga inavyofungwa ili yule mwenye macho aisome. Mama akisimama uani jioni kumwita mwanawe kwa sauti, ujumbe umefika, na mtoto hana habari kwamba amebeba barua ya mtu.

Jina moja la kusema siku ya kuzaliwa tunalitamka kila siku bila kuliuliza. Nyerere, kwa Kizanaki, ni kiwavi. Lilikuwa jina la baba yake Mwalimu, Chifu Nyerere Burito, kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi vimevamia nchi yao. Mwalimu mwenyewe, alipozaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa kwanza Mugendi, yaani mtembezi. Baadaye, kwa ushauri wa mganga, akabadilishiwa akawa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja na ubatizo mwaka 1943. Kwa hiyo anayekwambia kubadili jina ni mambo ya vijana wa leo, mwache aseme. Wazee walibadili jina walipoona halimkai mtoto.

Basi nikamwambia binti yetu aende akaulize, lakini nikampa masharti. Usianze na baba. Na usiulize "kwa nini mliniita hivi", maana swali hilo lina mashtaka ndani yake, na mtu aliyeshtakiwa hujitetea. Atakupa hadithi iliyopigwa pasi. Anza na shangazi au mama mkubwa aliyekuwapo, mkiwa mnachambua mchele au mnasuka nywele, umwulize mwaka ule nyumbani kulikuwaje. Nani alikuwa anaumwa? Nani kafukuzwa kazi? Nani alimpeleka mama kujifungua, na nani alimkogesha mtoto? Jina litajileta lenyewe. Kisha mwulize na mwingine, kwa sababu kila mmoja atataka aonekane ndiye aliyelitoa.

Barua yake ya pili ilikuwa ndefu. Alizaliwa mwanzoni mwa 1998, na mnaokumbuka mvua za Elinino mnajua barabara zilivyokuwa. Shangazi yake anasimulia kuwa uchungu ulimshika mama alfajiri, baba akampakia kwenye baiskeli, wakafika mtoni wakakuta daraja limekwenda na maji. Hawakuwa na pa kupita. Wakageukia nyumba ya kwanza waliyoiona, kwa bibi mmoja wasiyemfahamu, ambaye aliwasha kuni zilizolowa kwa kuchoma majani ya paa lake mwenyewe ili apate maji ya moto. Mtoto akazaliwa hapo. Baba, alipoulizwa mwisho, alidai jina kalitoa yeye. Shangazi anasema la, kalitoa bibi, baba alikuwa nje kwenye mvua anatetemeka.

Mimi si mwepesi wa kuamini hadithi nzuri, na ya majani ya paa ni nzuri mno. Nikamwambia atafute kadi yake ya kliniki. Mama huwa hatupi kadi ya kliniki. Ataitoa chini ya sanduku, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kadi ilipatikana. Imefunguliwa mtoto ana wiki tatu, kwenye zahanati ya kijiji cha ng'ambo hii ya mto, wakati dada zake watatu wote kadi zao ni za ng'ambo ya pili, walikokuwa wakienda. Majani ya paa siwezi kuyathibitisha, lakini mto na wiki tatu za kukwama viko kwenye karatasi. Na habari ya baba kuchoshwa na mabinti haimo popote.

Sasa anauliza: alibakize au alifute? Hapo nataka mtazame mabibi wawili wa Unguja. Mmoja alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, zama ambazo utumwa Zanzibar ulikuwa bado haujafutwa kisheria, ulifutwa 1897. Alipohamia mjini na sauti yake, akapata jina la Siti, bibi wa heshima, na kwa jina hilo akasafiri hadi Bombei mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Ila tazama alichokiacha na alichokibakiza: Mtumwa lilikwenda, binti Saad likabaki. Mwingine ni Fatuma binti Baraka, aliyezaliwa mdogo mno hata akabandikwa Kidude. Angeweza kulitupa. Badala yake aliimba nalo dunia nzima mpaka alipofariki mwaka 2013. Jina la kwanza lilikuwa la unyonge aliowekewa mtu na wengine, la pili lilikuwa utani wa watu wa nyumbani. Mimi nayapima hivyo. Lako, mdogo wangu, naliona liko upande wa Kidude, lakini mwenye kuitwa ni wewe.

Ukiamua kulifuta, usidanganywe na hati ya kiapo. Hiyo inaeleza tu kwamba mwenye majina haya mawili ni mtu mmoja, nayo humfaa yule ambaye cheti cha kuzaliwa kimeandikwa hivi na cha kidato cha nne vile. Kubadili jina kwa Tanzania kuna hati yake: unaiandaa kwa wakili, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, Wizara ya Ardhi, ndipo uende nayo NIDA na kwingineko. Vyeti vya shule ulivyokwisha kupata usitegemee vigeuke. Utavibeba na jina la zamani, na ile hati pembeni, kila usaili, na kila mara utaulizwa kulikoni. Yaani hadithi unayoikimbia utaisimulia mara nyingi zaidi.

Na kabla ya kwenda kwa wakili, mwambie mama kwanza. Kadi aliitunza yeye.