SOMO KWA MAKATIBU: KUPANGA KODI NA ANKARA KATIKA PROGRAMU YA HESABU

Vyama vya msingi vyenye maduka vimeanza kuhamisha hesabu zao kutoka daftari kwenda kompyuta. Kosa linalojitokeza mapema huwa katika kodi, maana programu hufuata ilivyopangwa, hata ikiwa imepangwa vibaya.

Kuchagua programu

Chama kijiulize kwanza mambo matatu. Je, kila ingizo huandikwa pande mbili, ya kudai na ya kudaiwa? Je, itafanya kazi siku ambayo hakuna mtandao? Je, hesabu zaweza kutolewa na kuhamishiwa kwingine chama kikiiacha? Programu iitwayo GnuCash hutimiza masharti hayo matatu, nayo hutolewa bila malipo. Upungufu wake ni kwamba haifuatilii idadi ya bidhaa ghalani, na watu wawili hawawezi kuandika humo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo daftari la ghala lisiachwe.

Akaunti ya kodi

Tanzania Bara, tangu Julai 2023, mfanyabiashara hulazimika kujisajili kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani mauzo yake yanayotozwa kodi yafikapo shilingi milioni 200 kwa mwaka. Chama kisichosajiliwa hakina ruhusa ya kuitoza. Kwa chama kilichosajiliwa, hapana budi ieleweke kuwa kodi si pato la chama. Ni fedha ya Serikali iliyo mikononi mwa chama. Basi ifunguliwe akaunti ya kodi chini ya madeni (Liability), wala isiwekwe chini ya mapato.

Kisha katika Business, mahali palipoandikwa Sales Tax Table, zitengenezwe jedwali mbili: moja ya asilimia 18, na nyingine ya asilimia sifuri kwa mazao yanayouzwa nchi za nje. Bidhaa zilizosamehewa kodi, kama mahindi ghafi, hazihitaji jedwali. Alama ya Taxable? huachwa wazi. Sifuri na msamaha visichanganywe. Auzaye kwa kiwango cha sifuri hurejeshewa kodi aliyolipa kwenye manunuzi ya mauzo hayo. Auzaye bidhaa za msamaha harejeshewi.

Mfano wa ankara

Duka la chama limeuza bati 10 kwa shilingi 23,600 kila moja, kodi ikiwa ndani ya bei. Jumla ni shilingi 236,000. Ili kupata thamani bila kodi, jumla hugawanywa kwa 1.18, nayo huwa 200,000. Kodi ni 36,000. Katika ankara, Katibu huweka alama kwenye Taxable? na pia kwenye Tax Included?, kisha huchagua jedwali la asilimia 18. Programu itaandika 236,000 kwa mdaiwa, 200,000 kwa mauzo na 36,000 kwa akaunti ya kodi.

Alama ya Tax Included? ikisahauliwa, programu huongeza kodi juu ya bei, na ankara husoma 278,480. Mnunuzi aliyelipa 236,000 huonekana bado anadaiwa 42,480. Wadaiwa wa namna hiyo wakijitokeza wengi, ndipo Katibu atambue kosa liko wapi.

Kosa la pili hutendeka nje ya programu: kuchukua asilimia 18 ya 236,000 na kuandika kodi kuwa 42,480. Chama kitakuwa kimejitoza zaidi kwa shilingi 6,480. Ili kulibaini, kodi ya mwezi igawanywe kwa mauzo yasiyo na kodi. Jibu sahihi ni 18 kwa mia. Likikaribia 22, kodi imekokotolewa juu ya bei yenye kodi.

Ikiwa bati hizo zilinunuliwa kwa 177,000, ndani yake mna kodi ya 27,000. Kwa kuwa chama kina stakabadhi halali ya manunuzi, kitapeleka 36,000 kutoa 27,000, yaani 9,000, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Ankara ya programu haichukui nafasi ya risiti ya mashine ya kielektroniki. Zote mbili zitolewe, na jumla zake zilingane.

Kiwango kikibadilika

Kenya ilishusha kodi hii kutoka asilimia 16 hadi 14 mwezi Aprili 2020, ikairudisha 16 Januari 2021. Katika hali kama hiyo, jedwali la zamani lisifutwe wala lisirekebishwe. Litengenezwe jipya lenye kiwango na mwaka katika jina lake, ili kila ankara ibaki na kiwango cha tarehe yake.

Zoezi

Duka limeuza mifuko 5 ya saruji kwa 17,700 kila mmoja, kodi ikiwa ndani. Katibu aandike mauzo kiasi gani, na kodi kiasi gani? (Jibu: mauzo 75,000, kodi 13,500.)