Somo: Kutoka Mchanganuo wa Ada hadi Mpango wa Kulipa

Miezi ya Novemba na Desemba simu nyingi katika mtaa wetu hupokea picha moja ya namna hiyohiyo. Shule imetoa mchanganuo wa ada, mtu mmoja ameupiga picha ya skrini, na picha hiyo imepita mkono kwa mkono hadi kutufikia. Watoto walio katika shule za serikali hawadaiwi ada kidato cha kwanza hadi cha nne tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Somo hili basi ni kwa sisi tulio na watoto katika shule za binafsi na za makanisa, ambamo mtoto hurudishwa nyumbani awamu isipolipwa kwa wakati.

Picha ile si mpango. Inasema shule inataka nini, lakini haisemi fedha zetu zitapatikana lini. Kazi yetu ni kuziweka habari hizi mbili katika karatasi moja.

Kwanza tuhakikishe kwamba picha ni nzima. Picha ya skrini huchukua kile tu kilichoonekana kwenye kioo cha simu, na mara nyingi sehemu iliyokatika ni ile ya chini, ambako shule huandika tarehe, faini ya kuchelewa na akaunti ya benki. Tutazame pia mwaka ulioandikwa juu, maana picha ya mwaka jana huzunguka tena kana kwamba ni mpya. Ikiwa tarakimu hazisomeki hata tukiikuza picha, 3 ikifanana na 8, tuiombe ofisi ya shule faili lenyewe, au tukanakili karatasi iliyobandikwa ubaoni. Na namba ya akaunti tusiichukue kamwe kutoka picha iliyopitia kwa watu wengi. Tuithibitishe shuleni kwa mdomo kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Kisha tunakili kila mstari katika daftari kwa kalamu, na mbele ya kila mstari tuandike neno moja: mara moja, kwa mwaka, au kila muhula. Hapa ndipo wengi hupotea. Tuchukue mfano wa mtoto anayeanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Picha inaonyesha ada na bweni shilingi 1,600,000 kwa mwaka, usajili 30,000, sare 130,000, mitihani 40,000, matibabu 20,000. Chini imeandikwa jumla, 1,820,000. Tukijumlisha mistari yote tunapata 1,820,000 kweli, na mzazi hufurahi kwamba hesabu imekubali. Lakini mbele ya mitihani kuna maneno madogo: kila muhula. Mwaka una mihula miwili, kwa hiyo mitihani ni 80,000, na deni la kweli ni 1,860,000. Jumla ya shule imehesabu mstari huo mara moja tu. Hizo 40,000 zitadaiwa Julai, wakati mzazi anaapa kwamba hakuambiwa.

Ikiwa jumla yetu haikubaliani na ile ya picha, tutafute tofauti yake. Tofauti ikilingana na mstari mmojawapo, huenda tumeuruka au tumeuandika mara mbili. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda tumegeuza tarakimu mbili zilizo jirani. Aliyeandika 310,000 mahali pa 130,000 amekosea kwa 180,000, na 180 kwa 9 ni 20. Walimu wa zamani walilitumia jaribio hili, na bado halijapitwa na wakati.

Sasa tarehe. Picha nyingi husema tu "awamu ya kwanza Januari, ya pili Aprili, ya tatu Julai, ya nne Septemba". Mwezi si tarehe. Siku kamili tutaipata katika kalenda ya mihula ambayo Wizara ya Elimu huitoa kila mwaka, kwa kuwa shule hudai awamu siku ya kufungua au ya kurudi kutoka likizo fupi. Katika daftari letu tuiandike siku iliyo wiki moja kabla ya hiyo. Benki hufungwa siku za sikukuu, mtandao hukatika, na stakabadhi lazima mtoto aishike mkononi anapofika getini.

Katika mfano wetu, ada imegawanywa 500,000, 400,000, 400,000 na 300,000. Michango yote ya mwanzo huingia Januari, na mitihani ya muhula wa pili huingia Julai. Basi madai ni haya:

Januari: 720,000
Aprili: 400,000
Julai: 440,000
Septemba: 300,000

Muhula wa kwanza pekee unachukua 1,120,000. Na hapa Kemondo, kahawa huvunwa zaidi katikati ya mwaka, na malipo yake hufuata baada ya kuuzwa kupitia chama cha msingi. Shule hudai sana wakati mfuko wetu umekauka.

Tuseme mama wa mtoto huyu hununua dagaa mwaloni, akawaanika na kuwauza. Dagaa huvuliwa kwa taa katika giza, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo akipanga kuweka kiasi kilekile kila wiki, wiki ya mwezi mpevu itamshinda na atakata tamaa na mpango wote. Ni heri apange kwa mwezi mzima, tuseme 100,000.

Akiweka akiba Oktoba, Novemba na Desemba anapata 300,000, na zilizobaki 420,000 za Januari ni lazima zitoke katika kahawa ya mwaka uliotangulia, zikiwekwa kando kabla ya Krismasi. Januari, Februari na Machi zinampa 300,000 nyingine, lakini awamu ya pili ni 400,000. Pengo la 100,000 litazibwa na dagaa wa Aprili, tarehe 30. Mei na Juni zinampa 200,000 dhidi ya 440,000 za Julai, na pengo la 240,000 lingoje kahawa, tuseme 31 Agosti. Awamu ya nne itatoka katika akiba ya Julai na Agosti pamoja na 100,000 ya kahawa.

Mapengo haya mawili ndiyo faida ya kazi yote, maana tunayaona tangu Desemba. Mzazi amwandikie mkuu wa shule kabla muhula haujafunguliwa, si baada ya mtoto kurudishwa. Barua iwe fupi: jina la mtoto na kidato, kiasi kitakacholipwa kwa wakati, kiasi kitakachobaki, na tarehe yake. Kusema "nitalipa kahawa ikitoka" hakumsaidii mhasibu. "240,000, tarehe 31 Agosti" kunamsaidia. Shule hailazimiki kukubali, na nyingine hukataa. Basi aombe jibu la maandishi, na akikataliwa bado ana majuma ya kutafuta njia nyingine, kama vile mkopo wa kikundi, akihesabu na riba yake.

Tarehe ya kahawa tusiisogeze mbele kwa matumaini. Mnada ukichelewa, malipo huchelewa, kwa hiyo tuhesabu mwezi mmoja zaidi ya tunavyodhani.

Mwishowe, karatasi iwe na safu nne: tarehe, kiasi, fedha zinatoka wapi, na namba ya stakabadhi. Safu ya nne ibaki tupu hadi malipo yafanyike. Inakaa vizuri ndani ya mlango wa kabati, ambako baba na mama wote wawili wataiona.